Kabla ya Kuuliza Wati, Geuza Spika Usome Mgongoni

Ingia duka lolote la vyombo vya muziki mjini Mombasa uulizie amplifaya, na mazungumzo yataanza na kumalizika kwa neno moja: wati. "Chukua hii mzee, hii ni wati mia tatu." Mwengine atakuletea ya wati mia tano, na wa tatu atakuonyesha kiboksi kidogo kama pakiti ya sukari akuapie kuwa ni wati elfu. Hakuna anayekuuliza una spika gani nyumbani, na hilo ndilo swali lililofaa kuja mwanzo.

Spika ndiyo inayoamua. Geuza spika yoyote iliyotengenezwa kwa uaminifu utakuta nyuma yake kibandiko au kibati chenye nambari mbili. Moja ina alama ya Ω, yaani omu. Nyengine ina herufi dB, yaani desibeli. Ya kwanza yakwambia spika hiyo itavuta umeme kiasi gani kutoka kwenye amplifaya. Ya pili yakwambia itakurudishia sauti kiasi gani kwa umeme huo. Ukizielewa mbili hizi pamoja, utajua mwenyewe ni amplifaya ipi ya kununua na ipi ya kuiacha dukani.

Tuchukue kisa kimoja tukifuate hadi mwisho. Kijana mmoja ameachiwa na marehemu babake amplifaya ya zamani ambayo bado yafanya kazi. Nyuma imeandikwa 20 W + 20 W, yaani wati ishirini kila upande, na pale panapofungwa nyaya za spika pameandikwa 8–16 Ω. Spika zake zilikufa zamani. Kijana ataka kusikiliza taarabu za kale sebuleni, akiwa amekaa kama mita tatu kutoka kwenye spika. Ameletewa jozi mbili za mitumba kwa bei moja. Jozi ya kwanza ni masanduku makubwa ya mbao, yamechakaa kidogo, yameandikwa 8 Ω na 90 dB. Jozi ya pili ni ndogo, nyembamba na safi, imeandikwa 4 Ω, kisha 86 dB (2.83 V/1 m), na chini yake 150 W.

Kijana anaipenda jozi ya pili. Haili nafasi, na hizo wati 150 zinamfanya aamini kuwa zina nguvu. Nambari zinasema vyengine, na kilicho hatarini hapa ni ile amplifaya ya babake.

Omu ni kiu ya spika

Fikiria tangi la maji juu ya dari. Presha ya maji ni kama volti zinazotoka kwenye amplifaya, na maji yapitayo kwenye bomba ni kama ampea. Bomba likiwa jembamba, maji hupita kidogo. Likiwa pana, kwa presha ile ile, hupita mengi. Omu ndizo zinazosema bomba ni jembamba kiasi gani. Omu nyingi ni bomba jembamba, omu chache ni bomba pana.

Kwa hivyo spika ya omu 4 si dhaifu kuliko ya omu 8, kama wengi wanavyodhani. Ina kiu zaidi. Kwa volti zile zile, itavuta ampea mara mbili. Na ampea hizo lazima zitoke mahali: kwenye transfoma ya amplifaya, zipite kwenye transista za kutolea sauti, na zikipita hapo huzaa joto. Transista zilizotengenezwa kulisha omu 8, zikipewa omu 4 kwa sauti ile ile, hubeba joto karibu mara mbili. Kama bati lao la kupozea ni dogo, hapo ndipo unaposikia harufu ya kuungua.

Ile 8–16 Ω iliyoandikwa kwenye amplifaya ya mzee ni mpaka. Wako mafundi wanaosema omu za spika na za amplifaya lazima zilingane sawasawa. Kwa amplifaya za transista, ambazo ndizo karibu zote tulizonazo majumbani, si hivyo. Maandishi hayo yanasema: usinipe spika yenye omu chini ya 8. Ukiipa ya omu 16 haitadhurika, ila itatoa takriban nusu ya wati zake. Ukiipa ya omu 4 umevuka mpaka. Kulinganisha omu kwa omu kuna maana zaidi kwenye amplifaya za valvu, zile za taa za kioo, kwa kuwa zina transfoma ya kutolea sauti yenye vituo vya 4, 8 na 16, nawe hufunga spika kwenye kituo chake.

Nambari iliyoandikwa si nambari moja

Hapa pana jambo ambalo kibandiko hakilisemi. Spika si kama balbu ya kawaida, ambayo ikishawaka huvuta umeme ule ule muda wote. Omu zake hupanda na kushuka kulingana na noti inayopigwa, ndiyo maana wataalamu hawaziiti ukinzani tu, huziita impidansi.

Sababu iko ndani ya spika yenyewe. Koni inasukumwa na koili ya waya iliyokaa ndani ya sumaku. Koili ikitembea ndani ya sumaku huzalisha umeme wake yenyewe, unaoupinga ule unaotoka kwenye amplifaya. Kuna noti moja ya besi ambapo koni hupenda kutembea sana, na hapo upinzani huo huwa mkubwa, hata spika iliyoandikwa omu 8 ikaonyesha omu 30 au zaidi. Juu kidogo ya hapo, sehemu ambayo sauti nene ya mwanamume na ngoma huwa nyingi, upinzani hupungua na omu hushuka zikakaribia zile za waya mtupu. Kisha kwenye noti za juu zaidi hupanda tena, kwa sababu koili yenyewe hukataa umeme unaogeuka haraka. Na spika ikiwa na wufa na twita, ile krosova inayowagawia kazi huweza kuongeza mabonde yake.

Kiwango cha kimataifa cha spika, IEC 60268-5, kinataka omu za chini kabisa zisiwe chini ya asilimia 80 ya zile zilizoandikwa. Yaani spika ya omu 8 isishuke chini ya 6.4, na ya omu 4 isishuke chini ya 3.2. Si kila kiwanda hufuata. Kwa hivyo unapoona omu 4, elewa kuwa kuna noti ambapo amplifaya itakuwa inalisha omu 3 na kitu.

Mita ya fundi yaweza kukusaidia kidogo. Chomoa nyaya za amplifaya kwanza, kisha weka mita kwenye omu na uguse skrubu mbili za nyuma ya spika. Spika ya omu 8 kwa kawaida husoma kati ya 5.5 na 7. Ya omu 4 husoma kama 3 hadi 3.5. Usishtuke kuona nambari ndogo kuliko iliyoandikwa, kwa sababu mita hupima waya tu, haipimi koni ikiwa inatembea. Faida yake ni kuwa kibandiko kikiwa kimebanduka, kama zilivyo spika nyingi za mitumba, utajua umeshika ya 4 au ya 8. Na mita ikionyesha kuwa hakuna njia kabisa, koili imekatika au waya wa ndani umeachia.

Desibeli ni wepesi wa spika

Nambari ya pili wataalamu huiita sensitiviti. Mimi nitaiita wepesi, kwa sababu ndivyo ilivyo: spika nyepesi huitika kwa umeme mdogo, na spika nzito hudai umeme mwingi kwa sauti ile ile. Hupimwa kwa kuipa spika wati moja, kisha kipimo cha sauti kikawekwa mita moja mbele yake. Ikisomeka desibeli 90, basi wepesi wake ni 90.

Desibeli hazihesabiki kama shilingi. Kanuni mbili zatosha kushika. Kila unapoongeza desibeli 3, wati huhitajika mara mbili. Na kila unapoongeza desibeli 10, wati huhitajika mara kumi, ilhali sikio la mtu husikia sauti imepanda kama mara mbili tu. Ndiyo maana amplifaya ya wati 100 haiwi na sauti mara mbili ya ile ya wati 50. Tofauti yake ni desibeli 3, na wengi wataona imepanda kidogo tu.

Tofauti baina ya spika na spika yaweza kuwa kubwa mno. Shirika la BBC la Uingereza lilibuni miaka ya 1970 spika ndogo iitwayo LS3/5a, ya kusikilizia ndani ya magari ya matangazo. Wepesi wake ni kama desibeli 82 au 83. Upande wa pili kuna Klipschorn, spika ya honi ya Marekani iliyoanza kutengenezwa mwaka 1946, ambayo kiwanda chenyewe huiandikia desibeli 105. Tofauti ni takriban 22, na hiyo ni zaidi ya mara mia kwa wati. Sauti ambayo Klipschorn huitoa kwa wati moja, ile ndogo ingehitaji zaidi ya wati mia, nayo haikuundwa kustahimili hivyo. Angalia pia kuwa LS3/5a za mwanzo zilikuwa za omu 15. Hazikuwa na kiu, lakini zilikuwa nzito. Kumbe omu na wepesi ni mambo mawili mbalimbali, na kusoma moja bila ya jengine hakukufikishi.

Na sababu ya tofauti hiyo si uhodari wa fundi wala ubovu wake. Ukitaka besi nene kutoka kwenye sanduku dogo, utalipa kwa wepesi. Honi nayo hupata nguvu kwa sababu hushika hewa vyema zaidi na kuielekeza upande mmoja, lakini sharti iwe kubwa ndipo itoe besi. Zile honi ndogo za mnarani ni nyepesi sana, lakini besi hakuna. (Aghalabu hizo hupitia transfoma na laini ya volti 100, na hesabu yake ni nyengine.)

Mtego wa 2.83 V

Sasa rudi kwenye kibandiko cha jozi ya pili. Hakikuandika desibeli 86 kwa wati moja. Kimeandika 86 dB (2.83 V/1 m), yaani spika ilipewa volti 2.83. Kwa nini nambari ya ajabu hivyo? Kwa sababu volti 2.83 kwenye omu 8 ni wati moja kamili. Hesabu ni hii:

P = V² / R

Volti 2.83 mara yenyewe ni 8. Gawa kwa omu 8, wapata wati 1. Lakini spika hii ni ya omu 4. Gawa 8 kwa 4, wapata wati 2. Kwa hivyo spika imepewa wati mbili ndipo ikafika 86. Kwa wati moja ingefika 83 tu.

Hakuna uongo hapo, maandishi ni ya kweli na volti zimetajwa. Lakini mnunuzi asiyejua huona 90 na 86 akadhani tofauti ni desibeli 4, ilhali ukilinganisha wati kwa wati tofauti ni 7. Kila ukiona 2.83 V pamoja na omu 4, punguza 3 kabla ya kulinganisha.

Hesabu ya sebule

Kijana wetu ataka sauti gani? Sauti ya mtu akizungumza mita moja kutoka kwako ni kama desibeli 60. Muziki wa kujaza sebule, bado si wa kuudhi majirani, ni kama 80. Lakini muziki haukai mahali pamoja. Mwimbaji anapopandisha sauti au dumbaki inapopigwa kwa nguvu, kilele hicho huweza kuzidi wastani kwa desibeli 15. Kwa hivyo amplifaya lazima iweze kufika 95 pale alipokaa msikilizaji, hata kama ni kwa nukta tu.

Sauti hupungua kwa umbali. Kutoka mita moja hadi mita tatu, uwanjani palipo wazi, ingepungua kama desibeli 9.5. Lakini spika ni mbili, hizo hurudisha 3, na kuta za chumba hurudisha nyengine kama 2 au 3. Tuseme basi hasara iliyobaki ni 4. Ili zipatikane 95 pale kwenye kochi, kila spika itoe 99 mita moja mbele yake.

Jozi ya kwanza ni 90 kwa wati moja. Panda kwa tatu tatu: wati 2 ni 93, wati 4 ni 96, wati 8 ni 99. Tumefika. Kila spika yataka wati 8 kwa ule mpigo wa juu kabisa, na wakati mwingi wa muziki itakuwa inatumia chini ya wati moja. Amplifaya ya mzee ina wati 20. Inabaki akiba nzuri, desibeli 4.

Jozi ya pili ni 83 kwa wati moja. Wati 2 ni 86, wati 4 ni 89, wati 8 ni 92, wati 16 ni 95, wati 32 ni 98, na kufika 99 ni kama wati 40. Kwa sauti ile ile, chumba kile kile, yataka wati mara tano.

Sasa tazama upande wa ampea, maana hapa ndipo omu na wepesi hukutana. Wati 8 kwenye omu 8 ni volti 8 na ampea 1. Wati 40 kwenye omu 4 ni volti 12.6 na ampea 3.2, na pale impidansi inaposhuka hadi omu 3.2, ni karibu ampea 4.

Amplifaya ya wati 20 kwenye omu 8 ina uwezo wa kutoa volti 12.6. Ni zile zile hasa zinazotakiwa na jozi ya pili. Ndiyo maana mtu akifunga spika hizo na kuzisikiliza kwa sauti ya chini, kila kitu kitaonekana sawa, na muuzaji atasema, "Si unaona zinalia?" Volti zipo. Kisichokuwepo ni ampea. Amplifaya hiyo, ikitoa volti zake zote kwenye omu 8, hutoa ampea 1.6. Jozi ya pili yaidai 3.2 na zaidi, nayo ilishasema nyuma yake kuwa isipewe chini ya omu 8.

Hukumu basi ni nyepesi. Kwa amplifaya hii, achukue masanduku makubwa yaliyochakaa. Na akizitaka kwa dhati zile ndogo, si vibaya, ni spika nzuri. Lakini atafute amplifaya iliyoandikwa wazi kuwa inakubali omu 4, yenye wati 50 au 60 kila upande kwenye omu hizo 4, na ile ya babake aiweke.

Atakachosikia akikosea

Amplifaya ikidaiwa kuliko uwezo wake, haizimi mara moja. Kwanza hukata vilele vya sauti. Wimbi lililotakiwa kupanda kama kilima likakatwa kichwa, likawa bapa. Sikio lako litajua kabla ya macho. Herufi za "s" na "sh" za mwimbaji zitakwaruza. Kanuni itapoteza ule mlio wake wa shanga na kuwa kama bati. Besi itakuwa nzito bila ya mshindo. Ukiona hivyo, rudisha kitasa chini papo hapo.

Ukiendelea, wa kwanza kufa ni twita. Watu hushangaa: spika imeandikwa 150 W, imeunguzwaje na amplifaya ya 20? Wati 150 ni mwisho wa ustahimilivu wa spika nzima kwa muziki wa kawaida, ambao umeme wake mwingi huenda kwenye wufa. Wimbi likikatwa kichwa, huzaa mawimbi ya juu ambayo hayakuwemo kwenye wimbo, na hayo krosova huyapeleka kwa twita, ambayo koili yake ni nyembamba na haikuundwa kubeba wati nyingi. Juu ya hayo, kilele kikishakatwa na mtu akazidi kuongeza sauti, wastani wa wati hupanda bila kupumzika. Ndiyo maana amplifaya ndogo iliyokazwa hadi mwisho huua spika nyingi kuliko kubwa inayotumiwa kwa kiasi.

Dalili ya upande wa omu ni tofauti kidogo. Sauti huenda ikawa safi, lakini baada ya nusu saa kifuniko cha amplifaya hakishikiki kwa moto, au inazima yenyewe kisha ikarudi ikipoa. Huo ni ulinzi wake wa ndani. Nyingi za zamani hazina ulinzi huo, zina fyuzi tu, na mara nyengine transista hufa kabla ya fyuzi. Transista ikifa vibaya hupeleka umeme mnyoofu kwenye spika na kuchoma wufa pia.

Kosa hili hutokea sana kwenye shughuli, mtu anapotaka kuongeza spika. Amplifaya ina spika mbili za omu 8, akaja na nyengine mbili akaunga waya juu ya waya, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi. Kila upande sasa una spika mbili sambamba, na omu 8 mbili sambamba ni omu 4. Za omu 4 mbili ni omu 2, na hizo amplifaya chache za nyumbani huzibeba. Spika zinalia, watu wanafurahi, na kabla shughuli haijesha kuna kimya na harufu.

Na wati za dukani?

Baada ya kujua unahitaji wati ngapi kwenye omu ngapi, bado lazima ujue kama amplifaya unayoonyeshwa inazo. Ukiona herufi PMPO mbele ya nambari kubwa, ipuuze nambari hiyo, haina kipimo kilichokubaliwa. Tafuta neno RMS, na omu zikiwa zimetajwa kando yake. Wati zisizotaja omu ni nusu ya habari, kwa sababu amplifaya moja yaweza kuwa wati 20 kwenye omu 8 na 30 kwenye omu 4.

Kisha igeuze, usome pale waya wa umeme unapoingilia. Kama pameandikwa AC 240 V 50 Hz 60 W, basi yaingia wati 60. Haiwezi kutoa wati mia tatu mfululizo kutoka kwenye sitini, na katika hizo sitini nyengine zapotea kama joto. Vile viboksi vidogo vya siku hizi vinavyotumia adapta ni rahisi zaidi kuvikagua. Adapta iliyoandikwa 12 V 3 A ni volti 12 mara ampea 3, yaani wati 36 kwa pande zote mbili, hata boksi likiandikwa elfu.

Kiboksi cha wati kumi na tano za kweli si cha kudharauliwa. Kifunge kwenye spika za omu 8 na desibeli 90, kitajaza sebule, kwa kuwa tumeona zinazotakiwa ni 8 tu. Kifunge kwenye zile za omu 4 na 83, kitakwaruza kabla wimbo haujafika kiitikio. Kwa hivyo ukienda dukani, uwe na karatasi mfukoni: omu za spika zako, desibeli zake kwa wati moja, na umbali unaokaa. Muuzaji akianza na wati mia tatu, wewe muulize: kwenye omu ngapi?